Kichwa Kinachouma kwa Sababu ya Taya: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipia Tiba

Mtu anayeumwa panja, yaani ubavu wa kichwa ulio kati ya pembe ya jicho na sikio, aghalabu hupita njia moja. Kwanza hununua vidonge vya kutuliza maumivu. Vidonge visipomaliza tatizo, huenda kupima malaria. Kipimo kikionyesha kwamba hana malaria, na maumivu yakiwa yamesogea karibu na sikio, hununua dawa ya matone ya masikio. Kila hatua humgharimu fedha, na baada ya miezi michache maumivu huwa yako palepale.

Katika sura hii tunaeleza chanzo kimoja cha maumivu ya namna hiyo ambacho husahaulika kwa urahisi, nacho ni misuli ya kutafunia pamoja na kiungo cha taya. Tutaonyesha jinsi ya kukitambua, tiba ambayo mgonjwa anaweza kuianza mwenyewe bila gharama kubwa, na tiba ambazo hapaswi kuzikubali kwa haraka kwa sababu madhara yake hayawezi kurekebishwa.

Taya linavyoumiza kichwa

Weka ncha za vidole juu ya mapanja yako yote mawili, kisha uma meno kwa nguvu. Utahisi kitu kikituna chini ya vidole. Huo ni msuli wa kutafunia. Umetandaa kama upepo wa mkono juu ya ubavu wa kichwa, na ncha yake ya chini imeshikamana na mfupa wa taya la chini. Sasa shusha vidole hadi mashavuni, uma meno tena, nawe utahisi msuli wa pili ulio mnene zaidi. Mwisho, weka kidole mbele kidogo ya tundu la sikio, ufungue na kufunga kinywa polepole. Kinachosogea hapo ni kichwa cha mfupa wa taya ndani ya kiungo chake. Kati ya mifupa miwili ya kiungo hicho kuna kisahani cha gegedu kinachorahisisha mwendo.

Kwa hiyo mtu anayebana meno saa nyingi huwa anaukaza msuli wa kichwani. Msuli huo huchoka na kuuma kama mguu wa mtu aliyepanda mlima, ila maumivu yake huitwa maumivu ya kichwa kwa sababu ya mahali ulipo. Sikio nalo huingia katika jambo hili kwa sababu mshipa wa fahamu unaohudumia kiungo cha taya huhudumia pia ngozi ya panja na sehemu ya mbele ya sikio. Maumivu ya kiungo huweza kusikika kama maumivu ya sikio, ingawa sikio lenyewe ni zima.

Tabia zinazohusika ni mbili, nazo si kitu kimoja. Ya kwanza ni kubana meno mchana, wakati mtu yuko macho lakini mawazo yake yako kwenye kazi, barabara au deni. Maumivu yake huongezeka kadiri siku inavyosonga, na huwa makali alasiri au jioni. Ya pili ni kusaga au kubana meno usingizini. Mhusika hana habari nayo, na mara nyingi huambiwa na anayelala karibu naye. Huyu huamka na taya zito na kichwa kinachouma, kisha hupata nafuu baada ya saa chache. Kutambua ni saa ngapi maumivu huanza ni hatua ya kwanza ya kujua tabia ipi inahusika.

Hapa inafaa tuondoe dhana moja. Watu wengi hudhani kwamba meno ya juu na ya chini yanapaswa kugusana wakati wote kinywa kinapofungwa. Sivyo. Katika hali ya mapumziko midomo hugusana, meno huachana kidogo, na ulimi hutulia. Meno hugusana wakati wa kumeza na kutafuna tu, na kwa siku nzima muda huo ukijumlishwa hauwi mrefu. Mtu ambaye meno yake yanagusana kila anapojichunguza ana tabia ya kubana, hata kama habani kwa nguvu.

Namna ya kutambua

Vigezo vya kimataifa vya kutambua maradhi ya kiungo cha taya, vilivyochapishwa mwaka 2014, vinasisitiza mambo mawili kuhusu maumivu ya kichwa. La kwanza ni kwamba maumivu yako kwenye panja na hubadilika kutokana na mwendo au kazi ya taya: huzidi unapotafuna, unapopiga mwayo, unapozungumza kwa muda mrefu au unapobana meno. La pili ni kwamba mpimaji anapobonyeza msuli wa panja, au anapokuambia upanue kinywa na kupeleka taya huku na huku, maumivu yaleyale unayoyafahamu hujitokeza.

Neno la kuzingatia ni «yaleyale». Karibu kila mtu atasikia usumbufu fulani akibonyezwa kwa nguvu. Jambo hilo peke yake halithibitishi kitu. Unachopaswa kujiuliza ni hiki: je, maumivu haya ndiyo yanayonisumbua siku zote? Ikiwa jibu ni ndiyo, taya linahusika. Ikiwa unabonyezwa na kusogeza taya bila maumivu hayo kutokea, chanzo kingine kitafutwe.

Unaweza kujipima mwenyewe kabla ya kwenda kituoni. Bonyeza kila panja kwa vidole viwili kwa sekunde tano, kisha mashavu, kisha sehemu iliyo mbele ya masikio. Baada ya hapo fungua kinywa kadiri uwezavyo na ujaribu kuingiza vidole vyako vitatu, kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Watu wazima wengi hufungua kiasi cha milimita 40 au zaidi, ambacho hulingana na vidole hivyo vitatu. Ikiwa viwili tu ndivyo vinavyopita, au taya linakwama, mweleze daktari.

Watu wengi hutishwa na mlio wa «tak» ndani ya kiungo. Mlio usioambatana na maumivu wala kukwama ni jambo la kawaida na hauhitaji tiba. Kadhalika, meno yaliyolika si uthibitisho wa kwamba kichwa kinauma kwa sababu yake. Wapo wanaosaga meno miaka mingi bila maumivu, na wapo wenye maumivu makali ambao meno yao ni mazima. Anayekuuzia tiba kwa kukuonyesha meno yaliyolika tu, bila kuigusa misuli yako, hajakamilisha uchunguzi.

Kuhusu sikio, uchunguzi hauna ugumu. Mhudumu achungulie ndani kwa kifaa chake. Ikiwa ngoma ya sikio ni nzima, hakuna usaha na unasikia vizuri, matone ya sikio na viuavijasumu havitakusaidia.

Mfano wa fundi cherehani

Mfano ufuatao tumeutunga kwa kuunganisha mambo yanayotokea mara kwa mara. Fundi cherehani mwenye umri wa miaka 34 anaumwa mapanja yote mawili na sehemu ya mbele ya sikio la kulia. Maumivu huanza saa nane mchana na kuzidi hadi jioni. Kwa muda wa miezi minne amepima malaria mara tatu bila kukutwa nayo, ametumia matone ya sikio mara mbili, na sasa humeza vidonge vya kutuliza maumivu siku 20 kwa mwezi. Katika zahanati moja ameambiwa kwamba meno yake hayakutani vizuri na kwamba yapaswa kusagwa kwa mashine ili yalingane.

Kabla ya kulipa, anaandika kumbukumbu ya siku 14 katika daftari. Kila siku huandika mambo manne: saa ambayo maumivu yalianza, ukali wake kuanzia 0 hadi 10, alichokuwa akifanya, na idadi ya vidonge alivyomeza. Mwisho wa juma la pili daftari linamwonyesha jambo ambalo hakulitarajia. Siku za Jumapili, asipofanya kazi, maumivu hayazidi 2. Siku za kazi hufika 6, na siku za kushona nguo za harusi hufika 8. Anapojichunguza kazini anagundua kwamba hushikilia pini kwa meno saa nyingi, hukata nyuzi kwa meno, na hutafuna ubani wa dukani tangu mchana hadi jioni, daima kwa upande wa kulia.

Daktari wa meno anapombonyeza panja la kulia, fundi anasema mara moja, «Ndiyo haya.» Kinywa chake kinafunguka kwa vidole vitatu. Sikio ni zima, na hakuna jino lililooza. Sasa chanzo kinajulikana, nacho hakihusiani na namna meno yake yanavyokutana.

Tiba ya kwanza ni kulipumzisha taya

Fundi anapewa mpango wa majuma sita. Anaanza na tabia. Pini zinahamia kwenye kijito kidogo cha kitambaa kilichofungwa mkononi, nyuzi zinakatwa kwa mkasi, na ubani unaachwa. Kisha anafunga utepe mwekundu kwenye cherehani. Kila macho yake yanapoufikia, anajiuliza kama meno yake yanagusana. Yakigusana, hupumua nje polepole, huachia taya lishuke kidogo, na kuyaacha meno yaachane huku midomo imefungwa. Anarudia hivyo mara nyingi kwa siku, kwa sababu tabia isiyo na fahamu haiachwi kwa azimio la mara moja. Asiye na cherehani anaweza kuutumia mlio wa simu, kioo cha gari au kila anapofungua mlango.

Jambo la pili ni chakula. Kwa majuma mawili ya mwanzo anaepuka vyakula vinavyolichosha taya, kama vile miwa, mahindi makavu ya kuchoma, nyama ngumu na mihogo mibichi. Wali, ndizi zilizopikwa, samaki na maharage vinatosha. Anakata matunda vipande vidogo badala ya kupanua kinywa sana, na anapopiga mwayo huitegemeza taya kwa kiganja. Wanaotafuna mirungi kwa saa nyingi wajue kwamba nayo hulichosha taya, na kwamba maumivu hayatatulia iwapo kazi hiyo inaendelea kila siku.

Jambo la tatu ni joto. Jioni anachovya kitambaa katika maji ya moto yasiyounguza, anakikamua, na kukiweka juu ya panja na shavu kwa dakika 15 hadi 20. Baada ya hapo huusugua msuli taratibu kwa vidole kwa mviringo, dakika mbili kila upande. Kisha huweka ncha ya ulimi kwenye paa la kinywa, nyuma ya meno ya mbele, na kufungua kinywa hadi pale ulimi unapotaka kuachia. Hufanya hivyo mara sita, polepole. Zoezi hilo lisilete maumivu makali. Likileta, apunguze.

Mwisho wa juma la sita daftari lake linaonyesha siku sita za maumivu kwa mwezi badala ya 20, na ukali hauzidi 3. Si kila mtu hupona kwa kasi hiyo, lakini wagonjwa wengi hupata nafuu kwa njia hizi katika majuma au miezi michache. Ikiwa baada ya majuma sita ya kufuata mpango kwa uaminifu hakuna badiliko lolote, rudi kwa daktari uchunguzwe upya.

Kwa anayesaga meno usingizini, utepe wa mchana hautoshi. Huyu apunguze kahawa, tumbaku na pombe, hasa jioni. Ikiwa anakoroma sana, au mwenzake amemwona akikatikiwa pumzi usingizini, amweleze daktari, kwa kuwa matatizo ya kupumua usiku na kusaga meno huweza kuandamana. Baadhi ya dawa za sonona nazo huweza kuleta tabia hii. Anayezitumia asiziache mwenyewe, bali azungumze na aliyempatia.

Vidonge vinapogeuka kuwa chanzo

Parasetamoli au ibuprofeni kwa siku chache ni msaada halali. Mtu mzima asizidishe gramu 4 za parasetamoli kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, na ahesabu pia parasetamoli iliyomo katika dawa za mafua na dawa za mchanganyiko. Ibuprofeni haimfai mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mjamzito, isipokuwa kwa ushauri wa mtaalamu.

Hatari iko katika mazoea. Anayemeza vidonge vya kawaida vya maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kupata maumivu ya kichwa yanayotokana na dawa zenyewe. Kwa dawa za mchanganyiko, kama zile zenye kafeini, kiwango ni siku 10 tu. Kichwa huuma, mtu humeza, dawa ikiisha mwilini kichwa huuma tena. Fundi wetu alikuwa tayari amevuka mpaka huo, na kupunguza vidonge kulikuwa sehemu ya tiba yake. Siku za kwanza za kupunguza, maumivu huweza kuzidi kabla ya kupungua.

Kinga ya meno, na tiba zisizorudi nyuma

Kinga ya meno ya usiku ni kifaa cha plastiki ngumu kinachotengenezwa kwa kipimo cha meno yako na kufunika meno yote ya taya moja. Faida yake iliyo wazi ni kuyakinga meno yasilike wala kuvunjika. Haimfanyi mtu aache kusaga, na kwa maumivu pekee haina uhakika wa kusaidia. Mwaka 2023 jopo la kimataifa la wataalamu lilitoa mwongozo katika jarida la tiba la Uingereza kuhusu maumivu sugu ya taya. Mwongozo huo uliweka mbele mazoezi ya taya, tiba ya mikono na ushauri wa kubadili tabia, na haukuipa kinga ya meno nafasi ya kwanza. Kwa hiyo inunue iwapo meno yako yanaharibika, au iwapo daktari amekueleza sababu nyingine mahsusi. Usinunue kinga ya michezo ukidhani ni kitu kilekile. Ukiivaa na kuona kwamba meno hayakutani kama zamani hata saa chache baada ya kuivua, iache na urudi kwa aliyeitengeneza.

Kusaga meno kwa mashine ili yalingane, kung'oa jino lisilo na ugonjwa, kuvika meno mengi vifuniko na kupasua kiungo ni mambo mengine kabisa. Jino lililosagwa halioti tena. Tiba hizi zisikubaliwe kama hatua ya kwanza dhidi ya maumivu ya kichwa. Ukipendekezewa mojawapo, una haki ya kuuliza: Ni ugonjwa gani hasa umekutwa? Umeigusa misuli yangu? Nini kitatokea nikisubiri majuma sita? Je, tiba hii inaweza kurekebishwa isipofaa? Gharama yote ni kiasi gani, kwa maandishi? Una haki pia ya kupata maoni ya daktari wa pili, na ya kuthibitisha kwamba anayekutibu amesajiliwa. Kwa Tanzania Bara, usajili wa madaktari na madaktari wa meno uko chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika.

Usisubiri majuma sita

Hali zifuatazo hazihusiani na mpango tulioueleza, na zinahitaji kituo cha afya siku hiyohiyo:

Mtu mwenye umri wa miaka 50 au zaidi aliyeanza kuumwa panja hivi karibuni, ambaye taya lake huchoka anapotafuna, ngozi ya kichwa huuma akichana nywele, au macho yake huona ukungu. Yamkini ana uvimbe wa mishipa ya damu ya panja, na akicheleweshwa anaweza kupofuka.

Maumivu ya taya yanayokuja pamoja na kubanwa kifua, jasho au kukosa pumzi, kwa kuwa moyo huweza kuumia hivyo.

Taya linalokaza lenyewe na kushindwa kufunguka, hasa baada ya jeraha, kwa hofu ya pepopunda.

Uvimbe wa shavu au shingo wenye homa, usaha sikioni, au kichwa kilichouma ghafla kuliko wakati wowote, au kinachoandamana na shingo ngumu, uso kupooza au kupotewa na fahamu. Mwenye homa apime malaria bila kusubiri.

Ikiwa huna hata moja kati ya hizo, na kichwa chako huuma katika panja au mbele ya sikio, anza na daftari la siku 14 na vidole vyako viwili. Ukienda kwa daktari, beba daftari hilo pamoja na orodha ya dawa zote ulizotumia.